Wakili, Jina Hili Linasajilika?

Barua ilinifikia kwa mkono, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na chupa ndogo ya pilipili ya kusaga iliyoviringishwa kwenye gazeti. Mwandishi wake ni dada mmoja wa Tanga anayeanzisha biashara. Ameniruhusu niisimulie, ila bidhaa na majina nimeyabadilisha, maana siri ya mteja ni siri hata ikiwa ya chupa ya pilipili.

Aliandika hivi: "Wakili, shikamoo. Mimi na shemeji yangu tunatengeneza pilipili ya kusaga na achari ya maembe tangu mwaka jana. Jina tulilochagua ni Pilipili Safi Tanga. Nimelitafuta kwenye mtandao wa BRELA sikuliona. Naomba kujua kama linasajilika, ili tulimiliki, mtu asije akatuiga. Tafadhali nijibu mapema kwa sababu lebo 2,000 zimeshachapwa. Wateja wetu wako Tanga mjini, na wengine huchukua mzigo kupeleka Lungalunga na Mombasa. Tulikuwa na jina jingine, Utalia Mwenyewe, bibi alikuwa akitutishia nalo tukichezea pilipili jikoni, lakini shemeji anasema halina heshima ya kibiashara."

Ni barua nzuri. Wengi huniletea mstari mmoja tu: jina, alama ya kuuliza, basi. Huyu ametaja bidhaa, soko, muda aliokwisha kulitumia jina, mshirika wake, na jina la akiba. Karibu kila ninachohitaji kimo. Lakini katikati ya barua kuna kifungu kinachobeba kosa ninalokutana nalo kila wiki: "linasajilika, ili tulimiliki". Ameyaunganisha mambo mawili kwa neno "ili", kana kwamba la kwanza likipatikana la pili linafuata lenyewe. Halifuati.

Tanzania Bara usajili wa majina uko chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Ofisi ni moja, lakini ndani yake mna madaftari yasiyofanana. Kuna daftari la majina ya biashara, kuna la makampuni, na kuna la alama za biashara na huduma. Kila moja lina sheria yake na swali lake. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama jina linasajilika, mimi humuuliza: kwenye daftari lipi?

Daftari la majina ya biashara ndilo analolifikiria mwenye duka, fundi cherehani, na mama lishe. Sheria yake ina lengo moja la kawaida kabisa: kuwaonyesha watu ni nani aliye nyuma ya kibao. Ukifanya biashara kwa majina yako halisi bila kuongeza kitu, hulazimiki kusajili. Ukiweka kibao cha "Pilipili Safi Tanga", mteja au mkopeshaji hawezi kujua ni nani wa kumdai, ndipo sheria inakutaka ujitaje. Maombi hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA unaoitwa ORS. Utahitaji namba ya kitambulisho cha NIDA, simu, barua pepe, anwani ya mahali biashara ilipo, na aina ya shughuli. Ada ni shilingi 15,000 za usajili na 5,000 za uhuishaji kwa mwaka. Cheti unakipata bila kupanda basi.

Msajili wa daftari hili hakuulizi kama jina lako ni zuri au ni lako peke yako. Anaangalia kama linafanana mno na lililokwishaandikwa, na kama linapotosha. Jina linalowafanya watu wadhani uko chini ya serikali halitapita. Neno "benki" lina sheria yake: hulitumii bila leseni ya Benki Kuu, hata kama nia yako ni kuita duka la nguo Benki ya Vitenge. Kwenye kufanana, watu hupoteza muda wakidhani wamemzidi akili Msajili kwa kuongeza "Enterprises" mwishoni, au kuandika "Saafi" kwa herufi mbili. Maneno yanayobandikwa na kila mtu hayatofautishi, na tahajia ya ajabu haibadilishi sauti. Jina lisome kwa sauti. Likisikika kama la mwenzio, ni la mwenzio.

Kwa kipimo hicho, Pilipili Safi Tanga lilikuwa na nafasi nzuri. Nililitafuta mwenyewe, neno zima na vipande vyake, sikuona la kufanana nalo. Jibu langu la kwanza lilikuwa ndiyo, na ningeishia hapo dada angefurahi sana. Angekitundika cheti ukutani, na mwezi wa sita jirani yake angeanza kuuza "Pilipili Safi ya Tanga" kwenye chupa za aina ile ile pale soko la Mgandini. Angekuja kwangu na cheti mkononi, nami ningelazimika kumwambia kwamba karatasi ile inasema yeye ni nani. Haisemi neno ni la nani.

La pili naliongeza kwa sababu watu hawalitegemei: cheti cha jina la biashara hakikukingi dhidi ya mwenye alama ya biashara. Mtu aliyesajili alama inayofanana na jina lako kwa bidhaa kama zako anaweza kukufikisha mahakamani hata kama una cheti halali cha jina. Ukimwambia hakimu kwamba serikali ndiyo iliyokupa jina hilo, utakuwa umelielewa vibaya daftari.

Daftari la makampuni nitalipita haraka. Jina la kampuni binafsi yenye hisa humalizikia na neno "Limited", na Msajili huangalia lisifanane na lililomo. Tofauti kubwa ni kwamba kampuni ni mtu mbele ya sheria. Inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Jina la biashara si mtu. Ni kibao tu, na nyuma yake mnabaki ninyi wawili, kila mmoja na mali yake na madeni yake. Nitarudi kwenye hilo, maana limemgusa shemeji.

Umiliki alioutaka dada huyu unakaa kwenye daftari la tatu, la alama za biashara, linalosimamiwa na sheria ya mwaka 1986. Na huko mkaguzi haulizi swali la Msajili wa majina. Swali lake ni hili: alama hii inamwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa zako na za mwingine? Chukua Pilipili Safi Tanga neno kwa neno. "Pilipili" ni bidhaa yenyewe. "Safi" ni sifa, na hakuna muuzaji anayeita pilipili yake chafu. "Tanga" ni mahali inapotoka. Toa hayo matatu, kimebaki nini cha kwako? Sheria inakataa kumpa mtu mmoja maneno ambayo wenzake wote sokoni wanayahitaji ili kueleza wanachouza. Kama dada angeyamiliki, muuza pilipili mwingine wa Tanga angeandika nini kwenye lebo yake?

Ajabu ni kwamba maneno haya ndiyo yanayopendwa na waanzilishi wengi. Wanasema jina lieleze biashara, mteja asihangaike. Ni kweli linauza haraka mwezi wa kwanza. Lakini kadiri jina linavyoeleza bidhaa, ndivyo linavyokuwa la kila mtu. Jina lisiloeleza chochote, au linalodokeza tu kwa mbali, ndilo linalolindika.

Sasa hapa pana mtego ambao hata watu waliokwisha kupata cheti cha alama hawaujui. Dada alikuwa na nembo: pilipili nyekundu iliyojikunja kama ndoana ya samaki, na maneno Pilipili Safi Tanga yakiizunguka. Nembo hiyo inaweza kusajiliwa. Ila mkaguzi anaweza kuweka sharti kwamba mwenye alama akane haki ya peke yake juu ya maneno "pilipili", "safi" na "Tanga". Cheti kitatoka, nacho kitakuwa na mchoro wote, maneno yakiwemo. Kisha chini kutakuwa na sentensi ndogo inayosema kwamba usajili huu haumpi mwenyewe haki ya peke yake kutumia maneno hayo. Watu husoma sehemu ya juu ya cheti. Jirani akija na chupa yenye maneno yale yale na mchoro wa mnazi, unachoweza kudai kinakuwa kidogo sana, kwa sababu ulichopewa ni ndoana ya samaki, si jina. Kama una cheti cha alama nyumbani, kitoe leo ukisome mpaka chini.

Niliposema hivyo kwa simu alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa Wakili, mbona Hakuna Matata imesajiliwa na ni maneno ya kila siku?" Swali la haki. Kampuni ya Disney iliomba alama hiyo Marekani mwaka 1994 na ikasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 ghadhabu zikapanda Afrika Mashariki na kusini, watu wakatia saini kwa wingi kupinga. Nilizielewa hasira zile, lakini usajili ule hauzuii mtu kusema hakuna matata, wala kuyaimba. Unahusu nguo, na unahusu Marekani. Maneno hayo hayaelezi fulana. Kwenye jambo la kikoi ilikuwa kinyume: kampuni moja ya Uingereza iliomba mwaka 2006 imiliki neno "kikoy" kwa nguo, na hapo neno lilikuwa jina la nguo yenyewe. Maombi yakapingwa, yakaachwa. Kwa hiyo pilipili si yako ukiuza pilipili. Ukiuza viatu, inawezekana kabisa ikawa yako.

Hilo linatupeleka kwenye madaraja. Alama haisajiliwi kwa kila kitu duniani. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45. Ya kwanza 34 ni ya bidhaa, 11 yanayobaki ni ya huduma. Dada alidhani chupa zake zote ni kitu kimoja kwa kuwa zinatoka jiko moja. Lakini pilipili ya kusaga iliyotengenezwa kama sosi iko daraja la 30, pamoja na viungo, chai na unga. Achari ya maembe ni matunda yaliyohifadhiwa, iko daraja la 29. Pilipili mbichi ya shambani iko la 31. Siku akifungua kibanda cha kuuza chipsi zilizopakwa pilipili hiyo, hiyo ni huduma ya chakula, daraja la 43. Kila daraja lina gharama yake, na mtu anayejaza fomu kwa haraka anaweza kulipia daraja lisilo lake. Mimi humwambia mteja achague lile linalomwingizia fedha leo, na lile ambalo ana hakika ataingia karibuni. Kusajili madaraja kumi kwa ndoto si ulinzi: alama isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa ifutwe.

Basi nikamgeukia bibi. Utalia Mwenyewe, lile jina lililoandikwa mwishoni mwa barua kama vile kwa aibu, ndilo lililonifanya nivae miwani. Halitaji pilipili. Halisifu. Halitaji Tanga. Anayeliona kwenye chupa nyekundu anafikiri kidogo, anacheka, anaelewa. Ni tishio la jikoni ambalo limehamishwa likakaa juu ya lebo, na kwa pilipili hakuna muuzaji mwingine anayelazimika kulitumia ili aeleze anachouza. Kuhusu heshima nilimtuma salamu shemeji kwamba sheria inakataa alama zinazokiuka maadili au zinazodanganya umma, na kumwonya mlaji wa pilipili kwamba atalia hakumo katika hayo. Huo ni ukweli wa bidhaa.

Utafutaji wa jina hili ulinichukua siku mbili. Kwanza daftari la majina na la makampuni, kwa tahajia zote: Utalia, Utaliya, Utalia Mwenyewe, Mwenyewe. Kisha daftari la alama, daraja la 29 na la 30, pamoja na la 43 kwa kuwa chakula na mgahawa ni majirani. Kisha kanzidata ya alama ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Halafu nikafanya ambalo mashine halifanyi: nikamtuma karani wangu sokoni kuangalia rafu za maduka ya jumla, nikapitia kurasa za wauzaji wa viungo kwenye Instagram. Hii si kazi ya ziada. Mtu aliyelitumia jina muda mrefu hadi wateja wakamjua kwalo ana haki hata kama hajasajili popote. Anaweza kukushtaki kwamba unauza bidhaa zako kana kwamba ni zake, na anaweza kuyapinga maombi yako. Hayumo daftarini, lakini yumo sokoni. Ndiyo maana "nimetafuta mtandaoni sikuliona" ni mwanzo wa uchunguzi tu.

Hatukumkuta mtu. Nikamwandikia dada majibu yenye kurasa mbili, na sehemu kubwa haikuhusu jina bali "sisi".

Barua yake ilisema mimi na shemeji yangu. Jina la biashara linaweza kusajiliwa kwa watu wawili, na wakishafanya hivyo kwa lengo la kugawana faida, wamekuwa wabia, wapende wasipende. Deni la mmoja katika biashara ni la wote. Na kwa kuwa jina la biashara si mtu, haliwezi kumiliki alama. Alama itaandikwa kwa jina la dada, au la shemeji, au la wote wawili, au la kampuni watakayoiunda. Nimeona mke wa kaka aliyesajili alama kwa jina lake peke yake, kwa nia njema kabisa, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa na namba ya NIDA siku ile. Ndoa ilipovunjika alama iliondoka naye, na familia ikabaki na mapishi, masufuria, na jina wasiloruhusiwa kulitumia. Nilimwambia dada: mwanangu, kaeni chini na shemeji yako kabla hamjajaza fomu yoyote, muandikiane nani anamiliki nini, na mmoja akitoka jina linabaki wapi. Walichagua kampuni. Wangechagua ubia ulioandikwa vizuri nisingewapinga.

Kuna Mombasa pia. Usajili wa Tanzania Bara unaishia mpakani Horohoro. Chupa ikivuka kuingia Lungalunga iko chini ya sheria ya Kenya, ambako alama husajiliwa na taasisi yao ya miliki ya viwanda, na mfanyabiashara wa huko anayeipenda pilipili yenu anaweza kukimbilia kuisajili yeye. Wala usajili wa Bara hauvuki bahari kwenda Pemba na Unguja; Zanzibar ina wakala wake na sheria yake. Kwa biashara ya chupa mia mbili kwa wiki sikumshauri asajili kila mahali. Nilimshauri aanze Bara, apime mzigo unaovuka Horohoro, na ukifikia robo ya mauzo aende Kenya bila kungoja.

Jambo la mwisho kwenye majibu yangu lilikuwa muda, kwa sababu aliandika "mapema". Jina la kampuni linaweza kukamilika ndani ya siku chache kama nyaraka ziko sawa. Alama haiendi kwa mwendo huo. Maombi hukaguliwa, mkaguzi akiridhika hutangazwa katika jarida la BRELA, kisha watu wana siku 60 za kuleta pingamizi. Pasipokuwa na pingamizi cheti hutolewa, nacho huishi miaka 7 kuanzia tarehe ya maombi, halafu huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kinachohesabika zaidi ni tarehe ya kupeleka maombi, siyo tarehe ya kutundika cheti. Aliyewahi kupeleka amewahi.

Angeniandikia kabla ya kwenda kwa mchapaji, kazi yangu ingekuwa ile ile na hasara yake isingekuwepo. Ukiwa na jina kichwani, liandikie wakili likiwa bado kichwani. Taja herufi zake hasa, unauza nini, wapi, tangu lini, pamoja na nani, na uweke majina mawili ya akiba, hata lile unalolionea haya.

Utalia Mwenyewe imeshapelekwa kwa daraja la 30, kwa jina la kampuni. Achari wameiacha kwanza. Zile lebo 2,000 za Pilipili Safi Tanga ziko kwenye kasha chini ya meza ya jikoni, na kwa nyuma yake shemeji anaandikia oda za wateja.